Buibui kwenye picha: namna ya kumtambua mwenye sumu ya kuhofiwa

Mtu akituma picha ya buibui na kuuliza "huyu ana sumu?", jibu la kweli karibu kila mara ni ndiyo, na halimsaidii kitu. Spishi za buibui zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi zimepita 50,000, na karibu zote zina tezi za sumu. Ni vikundi vichache tu visivyo nazo, kama familia ya Uloboridae. Lakini sumu hiyo ni ya kulemaza wadudu. Kwa binadamu, buibui wengi ama chonge zao hazifiki ndani ya ngozi, ama maumivu yao hayana tofauti kubwa na ya kuumwa na nyuki.

Swali la kuiuliza picha ni jingine: je, huyu ni wa zile jenasi chache ambazo zinaweza kumfikisha mtu hospitali? Hapo orodha inakuwa fupi. Kuna wajane, yaani jenasi ya Latrodectus, wanaopatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Kuna Loxosceles, ambao wengi huwaita buibui wa fidla. Kuna Phoneutria wa Amerika ya Kati na Kusini, kuna Atrax na jamaa zake wa mashariki mwa Australia, na kuna buibui wa mchangani wenye macho sita wa kusini mwa Afrika. Mwongozo huu unawahusu wawili wa kwanza, kwa sababu ndio wanaoishi karibu na watu katika sehemu nyingi za dunia, na ndio wanaosingiziwa zaidi.

Hatua ya kwanza: picha ilipigwa wapi?

Kabla ya kuikuza picha, uliza mahali. Atrax akionekana nje ya mashariki ya Australia, karibu hakika si Atrax. Phoneutria vivyo hivyo nje ya Amerika. Swali hili moja huondoa nusu ya hofu, na ndilo ambalo watu hawaliulizi.

Nguvu ya ramani ilionekana vizuri Marekani. Mtafiti Rick Vetter aliwaomba watu wa nchi nzima wamtumie buibui yeyote wanayedhani ni Loxosceles. Alipokea araknidi, yaani buibui na jamaa zao, 1,773 kutoka majimbo 49, na matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Katika majimbo ambako Loxosceles anajulikana kuishi, wengi walikuwa kweli wenyewe. Nje ya eneo hilo, karibu wote walikuwa buibui wengine kabisa, japo waliowatuma walikuwa na uhakika.

Ramani ina mipaka yake, hata hivyo. Mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus, husafiri na mizigo na samani, na leo yuko katika nchi nyingi za joto duniani. Loxosceles laeta wa Amerika Kusini ameweka makazi ndani ya jengo la makumbusho huko Helsinki, Finland, ambako nje asingemaliza hata majira moja ya baridi. Kwa hiyo mahali huamua ni ushahidi kiasi gani utaudai kutoka kwenye picha. Ikiwa ni nchi ambako Loxosceles ni wa kawaida, dalili mbili nzuri zinatosha kumshuku. Ikiwa si nchi yake, usikubali mpaka umeyaona macho.

Hatua ya pili: yasiyo na maana yaweke kando

Ukubwa hausemi kitu. Buibui wa dhahabu wafumao tando kubwa njiani, jenasi ya Nephila na jamaa zake, wanaweza kujaza kiganja kwa miguu yao na hawana madhara ya maana. Mjane jike mzima ana mwili wa takriban milimita 8 hadi 13 tu, bila miguu. Loxosceles wengi ni wa kipimo hichohicho au chini yake. Ukiona picha ya buibui mkubwa kama sahani, mwenye manyoya, unaweza kuanza kupumua.

Manyoya nayo yanadanganya. Wajane na Loxosceles wote wanaonekana karibu laini katika picha ya kawaida. Rangi kali, kama mistari ya njano na nyeusi ya Argiope, haiwaonyi wanadamu. Hata wekundu peke yake hautoshi, kwa sababu kuna buibui wengi wenye mabaka mekundu sehemu mbalimbali za mwili, na la muhimu ni baka liko wapi na lina umbo gani.

Na ile fidla yenyewe? Ni alama ya rangi ya giza iliyo juu ya sehemu ya mbele ya mwili, pale kichwa na kifua vinapoungana, shingo ya fidla ikielekea nyuma tumboni. Ipo kwa Loxosceles wengi, ila kwa baadhi ya spishi na kwa wachanga imefifia kiasi cha kutoonekana. Tena buibui wa pembe za dari wenye miguu mirefu kama nyuzi, familia ya Pholcidae, baadhi yao wana alama inayofanana nayo. Buibui mbwamwitu wana michirizi ambayo mwenye hofu ataiona fidla. Mimi fidla huiangalia mwisho, baada ya kupata jibu kwa njia nyingine. Jicho la mtu aliyekwisha kuambiwa "tafuta fidla" huikuta hata kwenye doa la chai.

Hatua ya tatu: miiba ya miguu na tumbo

Hapa ndipo pa kuanzia kwa buibui yeyote wa kahawia, kwa sababu picha ya ubora wa wastani inatosha. Kuza mguu mmoja, hasa sehemu ya kati. Unatafuta miiba, yaani vinywele vinene, vyeusi, vinavyosimama mbali na mguu, tofauti na manyoya laini yaliyolala. Loxosceles hana miiba hiyo. Miguu yake ina vinywele vifupi tu, na rangi yake ni moja tangu kwenye mwili hadi ncha. Ukiona miiba wazi, umemwondoa. Ukiona pete za rangi mbili zikipokezana kwenye miguu, umemwondoa pia.

Kisha tumbo. Tumbo la Loxosceles ni rangi moja, ya krimu, kahawia au kijivu, lenye vinywele vidogo na bila mchoro. Mabaka, mistari ya mshazari, madoa yaliyopangwa jozi jozi, yote hayo humtoa kwenye orodha. Na nyuma ya tumbo, kama kuna vijiti viwili virefu vya kutolea uzi vinavyochomoza kama mkia uliogawanyika, huyo yaelekea ni mmoja wa wafumaji wa tando za faneli wa majumbani, ambao ni wengi sana katika picha za "fidla".

Faida ya hatua hii ni kwamba inakanusha kwa nguvu. Mwiba mmoja ulioonekana wazi una uzito kuliko fidla tatu. Lakini haifanyi kazi kinyume chake. Kutoona miiba kwenye picha yenye ukungu si sawa na mguu usio na miiba, na kosa hili ndilo linalowapotosha hata watu wazoefu.

Hatua ya nne: macho

Macho ya buibui yako mbele kabisa, kwenye ukingo wa sehemu ya kwanza ya mwili, juu ya chonge. Wengi wana manane. Mpangilio wake haubadiliki ndani ya familia kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana wataalamu huanzia hapo.

Buibui mrukaji ana macho mawili makubwa yanayokutazama mbele kama taa, na mengine madogo pembeni. Ukimwona huyo, funga jalada, hana hatari. Buibui mbwamwitu ana safu ya macho manne madogo chini, juu yake mawili makubwa, na nyuma zaidi mawili mengine. Hatari ya maana hana, ingawa akibanwa ataumiza.

Loxosceles ana macho sita, katika jozi tatu zilizoachana: jozi moja mbele katikati, na jozi moja kila upande, nyuma kidogo. Katika picha isiyo kali sana kila jozi huungana ikawa kitone kimoja, hivyo unachokiona ni vitone vitatu vinavyofanya pembetatu pana. Hilo ni la kulikumbuka, kwa kuwa mtu anayetafuta vitone sita atasema "ana macho matatu, picha mbaya" na kumpita aliyemtafuta.

Macho sita peke yake hayatoshi. Dysdera, buibui mwekundu mwenye chonge ndefu za kutisha anayekula chawa wa mbao, naye ana macho sita, ila yamekusanyika pamoja kwenye kikundi kimoja mbele. Huyo hana madhara makubwa. Scytodes, buibui mtema gundi, ndiye mwenye kutatiza kweli, maana macho yake nayo ni jozi tatu zilizoachana. Tofauti yake iko kwenye umbo: ukimtazama ubavuni, sehemu ya mbele ya mwili imeinuka nyuma kama kuba, na kwa kawaida mwili na miguu vimejaa madoadoa. Loxosceles ubavuni ni bapa. Kwa hiyo kwa mtu mwenye shaka, picha ya ubavu ina thamani ambayo picha nzuri ya juu haiwezi kuifidia.

Je, ukubwa wa picha unatosha kuhesabu macho? Hili linaweza kupimwa, na nitalionyesha kwenye mfano.

Mfano: buibui wa kahawia kando ya betri

Chukulia umeletewa picha hii. Buibui wa kahawia amesimama sakafuni ndani ya nyumba, amepigwa kutoka juu, na aliyepiga ameweka betri nyembamba ya rimoti, aina ya AAA, sentimita chache kando yake. Maelezo yanasema: "Ana fidla mgongoni, tuna watoto."

Anza na kipimo. Betri ya AAA ina urefu wa milimita 44.5. Kwenye picha inachukua pikseli 890, yaani pikseli 20 kwa kila milimita. Mwili wa buibui, kutoka mbele ya kichwa hadi mwisho wa tumbo bila miguu, ni pikseli 240, kwa hiyo milimita 12. Kipimo hiki kinaaminika kwa sababu betri na buibui wako kwenye sakafu ileile. Kama buibui angekuwa ukutani na betri mkononi mwa mpiga picha, hesabu yote ingekuwa bure. Milimita 12 haimwondoi Loxosceles wala haimthibitishi.

Sasa macho. Macho mengi ya buibui wa ukubwa huu ni madogo kuliko robo ya milimita. Kwa pikseli 20 kwa milimita, jicho la namna hiyo halifikii pikseli tano, na kamera ya simu huzikoroga pikseli hizo inaposafisha picha. Hivyo macho ya picha hii hayahesabiki. Atakayedai ameyahesabu amejaza pengo kwa matarajio yake. Tunasema tu: macho hayaonekani.

Miguu inasema zaidi. Pikseli 20 kwa milimita zinatosha kabisa kuonyesha miiba, na kweli ipo: vinywele vinene vyeusi vinasimama kwenye miguu ya nyuma, vingine vikiwa na urefu wa zaidi ya milimita moja. Tumboni kuna mstari wa rangi hafifu katikati na mabaka ya giza pande zote mbili. Hapo Loxosceles amekwisha kuondoka kwa dalili mbili zinazojitegemea.

Na fidla? Ukikuza unakuta ni mistari miwili mipana ya giza iliyouacha mwanga katikati, ikianza machoni na kwenda nyuma. Aliyeogopa aliisoma mistari hiyo kuwa umbo la ala. Mchoro wa namna hii ni wa kawaida kwa buibui mbwamwitu.

Unamwomba picha ya pili, ya uso, kutoka mbele na karibu zaidi. Inakuja ikiwa na pikseli takriban 100 kwa milimita. Sasa jicho kubwa linachukua pikseli zaidi ya 20, na mpangilio uko wazi: manne madogo chini, mawili makubwa juu, mawili nyuma. Ni mbwamwitu. Jawabu lilikwishapatikana kwenye picha ya kwanza, ila hii ya pili imeliweka mahali ambapo hata baba mwenye watoto haoni sababu ya kubisha.

Hatua ya tano: mjane, na hapa tumbo ndilo linaloongea

Kwa mjane macho hayasaidii sana pichani. Ana manane katika safu mbili, na tofauti yake na jamaa zake wa karibu ni kwamba macho ya pembeni hayagusani. Tofauti hiyo inahitaji lenzi nzuri. Angalia umbo na mkao.

Jike mzima ana tumbo la mviringo kama zabibu, linalong'aa, na miguu myembamba iliyo laini. Mguu wa kwanza ndio mrefu kuliko yote, wa tatu mfupi kuliko yote. Utando wake hauna umbo la kupendeza. Ni vurugu ya nyuzi zilizokwenda kila upande, imara kuliko inavyotarajiwa, kwa kawaida chini ya kitu: chini ya kiti, kwenye ukingo wa dirisha, ndani ya kiatu kilichoachwa nje. Humo anakaa akining'inia kichwa chini, tumbo juu.

Mkao huo una matokeo ambayo wengi hawayafikirii. Picha iliyopigwa kutoka juu ya mjane aliyetulia kwenye utando wake inaonyesha upande wa chini wa mwili. Mtu husema "ana alama nyekundu mgongoni" kumbe anatazama tumbo. Kwa hiyo kabla ya kujadili alama, amua kwanza unatazama upande upi. Upande wa chini utaona maungio ya miguu yakikutana katikati ya kifua. Upande wa juu utaona ngao moja isiyo na maungio.

Alama maarufu iko chini ya tumbo, katikati: pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha, nyekundu au ya machungwa. Ikiwa hapo na ikiwa na umbo hilo, kwa buibui mwenye tumbo la zabibu, basi jambo limekaribia kumalizika. Lakini jenasi hii haifuati kanuni moja. Mjane wa Australia, Latrodectus hasselti, ana pia mstari mwekundu mgongoni. Yule wa nchi za Mediterania, Latrodectus tredecimguttatus, ana madoa mekundu mgongoni, kawaida 13, na ndiko jina lake lilikotoka. Mjane mweusi wa kusini mwa Afrika, Latrodectus indistinctus, akishakuwa mtu mzima hana zile pembetatu chini. Anabaki na alama nyekundu juu ya tumbo kwa nyuma, nayo huweza kupungua hadi kadoa. Kwa eneo lile, kusema "hana pembetatu, basi salama" ni kosa la hatari.

Mjane wa kahawia ndiye anayepitwa zaidi, kwa sababu watu wanatafuta mweusi. Huyu ana rangi ya udongo hadi kahawia iliyoiva, miguu yenye pete za giza, na michoro mgongoni. Alama yake ya chini ni ya machungwa. Picha zake nyingi haziionyeshi, ila mara nyingi zinaonyesha kitu bora zaidi, yaani mfuko wa mayai. Ni mpira wa krimu wa takriban sentimita moja, umejaa vijiba vidogo vya uzi kila upande. Wajane wengine mifuko yao ni laini kama karatasi. Ukiona mpira wa vijiba ndani ya utando wa vurugu, unaweza kumtaja mwenyewe hata kama amejificha na umeona miguu miwili tu. Ni mojawapo ya mara chache ambapo mazingira ya buibui yana ushahidi mzito kuliko mwili wake.

Anayefananishwa naye sana ni Steatoda, mjane wa uongo. Ni wa familia moja, utando wao unafanana, tumbo linang'aa. Angalia mbele ya tumbo, pale linapoanzia: Steatoda wengi wana ukanda mwembamba wa rangi hafifu unaolizunguka kama ukosi. Chini hawana pembetatu za rangi kali, tumbo lao limerefuka kidogo kuliko kuwa duara kamili, na mfuko wao wa mayai ni kama pamba, mayai yanaonekana ndani. Steatoda aliyezeeka anaweza kuwa mweusi tii na ukosi wake ukapotea, na hapo picha ya juu pekee haimtoshi mtu yeyote. Lazima ya chini.

Madume na wachanga wa wajane ni habari nyingine. Ni wadogo, wana rangi hafifu na michoro mingi, na hawafanani na mama yao. Madume hayahofiwi kwa kung'ata. Ukimkuta mmoja, tafuta jike karibu.

Kupata picha inayofaa

Kama bado buibui yupo, unahitaji pande tatu: juu, uso au ubavu, na chini. Mfunike kwa glasi ya kioo inayoonyesha ndani, kisha pitisha karatasi ngumu chini yake taratibu. Badilisha karatasi kwa kipande cha plastiki angavu, inua, na upige kutoka chini. Kwa njia hii hakuna anayemgusa, na upande wa chini unaonekana bila mtu kulazimika kumgeuza.

Simu nyingi haziwezi kulenga kitu kilicho karibu sana. Ukiona ukungu, rudi nyuma sentimita 15 hivi, tumia kuza ya mara mbili, kisha kata picha baadaye. Usipige kwa mwanga wa simu moja kwa moja, kwa sababu tumbo linalong'aa litarudisha doa jeupe, nalo doa hilo hufunika alama au kujifanya alama. Tochi ya pembeni inatosha. Picha ile ya kwanza kabisa, kabla hajasumbuliwa, akiwa kwenye utando wake, usiifute hata kama ni mbaya. Utando na mfuko wa mayai havitarudi.

Aliyekanyagwa si rahisi kumtambua, tumbo ndilo hupasuka kwanza. Aliyekufa mzima hukunja miguu na kuficha macho na upande wa chini, lakini akiwekwa kwenye spiriti anahifadhika na mtaalamu anaweza kumtazama kwa hadubini.

Kutoa jibu

Majibu ya haki ni matatu: ni yeye, kwa sababu ya dalili hizi, si yeye, kwa sababu ya dalili hizi, au picha haionyeshi. La tatu ndilo gumu kulisema, na ndilo ambalo picha nyingi zinastahili. Likitolewa, litaje kinachokosekana: "naomba upande wa chini", "naomba ubavu". Jibu la "inaonekana ni mbwamwitu tu" bila sababu halimsaidii anayeuliza, kwa sababu hana njia ya kulipima.

Kuna aina moja ya picha ambayo haijibiki kabisa: picha ya kidonda. Sumu ya Loxosceles ina kimeng'enya kinachoweza kuua ngozi, na kwa sababu hiyo kila kidonda cheusi kinachochelewa kupona hubandikwa jina lake. Maambukizi ya bakteria huleta vidonda vya namna hiyo mara nyingi, na matibabu yake ni tofauti, hivyo kumlaumu buibui ambaye hakuna aliyemwona huchelewesha dawa inayotakiwa. Inafaa kujua pia kwamba Loxosceles si mwepesi wa kung'ata. Katika nyumba moja huko Kansas, familia ilikusanya Loxosceles 2,055 ndani ya miezi sita ya mwaka 2001, wakiwa wameishi nao kwa miaka, na hakuna aliyeonekana kudhurika.

Kwa mjane, mambo huenda haraka zaidi. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu: maumivu hupanda kutoka palipong'atwa, misuli ya tumbo au mgongo hukaza, jasho humtoka mtu. Mwenye dalili hizo aende hospitali hapohapo, mtoto mdogo hasa. Picha unaweza kuitazama mkiwa njiani. Daktari hutibu dalili anazoziona kwa mgonjwa, na buibui aliyefunikwa vizuri kwenye chupa atamsaidia kuliko jina ulilokisia.